Migingo ni ya Nani? Mbona Kukalia Kisiwa Miaka Ishirini Hakumpi Mtu Hati

Kila Migingo ikirudi kwa habari, base za Makadara hugeuka bunge. Juzi jioni, nje ya kinyozi kimoja hapa Jericho, si mbali na Camp Toyoyo, jamaa mmoja wa kutengeneza simu alitoa hoja iliyonyamazisha kila mtu. "Wasee, tuache kujidanganya. Masanse wa Uganda wako kwa hicho kisiwa tangu 2004. Sheria ya Kenya inasema ukikalia shamba ya mtu miaka 12 bila kusumbuliwa, inakuwa yako. Sasa hapo si mambo imeisha?"

Mzee mmoja aliyekuwa akingoja kunyolewa akacheka. Yeye anaishi kwa nyumba ya kaunti, ile aliyoachiwa na babake, na hajawahi kuhama mtaa. "Kijana wangu, mimi niko kwa ile nyumba miaka hamsini na kitu. Mbona basi sijaletewa hati?"

Kijana hakuwa na jibu. Lakini swali la mzee ndilo ufunguo wa stori yote ya Migingo, na ndilo swali ambalo majaji wa Hague wamekuwa wakijibu kwa miaka mingi kuhusu visiwa vya watu wengine. Kuna mambo matatu tu ya kushika: hati, kukalia, na kunyamaza. Ukijua lipi linashinda lingine na lini, hutawahi kupotezwa na makelele ya wanasiasa.

Miaka 12 inafanya kazi wapi?

Tuanze nyumbani. Ni kweli sheria yetu ya ukomo wa madai, Sura ya 22, inampa mtu nafasi ya kudai ardhi ya mwingine baada ya miaka 12. Lakini ina masharti. Lazima uwe umekalia waziwazi, mfululizo, bila nguvu, na bila ruhusa ya mwenyewe. Hiyo ya ruhusa ndiyo humaliza wengi. Ukilipa kodi ya nyumba, tayari unakubali kwamba kuna landilodi, na kila risiti unayopewa inasema hivyo hivyo. Juu ya hiyo, ardhi ya umma haichukuliwi kwa njia hiyo hata ukikaa miaka mia.

Ndiyo maana mzee wetu, na wengine wengi wa Maringo, Jerusalem na Ofafa, anaweza kuzeeka kwa nyumba ya kaunti, akaongeza vyumba vya mabati hapo kando, akaweka wapangaji wake, na bado asiwe na hati. Kukaa kwake ni kwa kweli. Lakini ni kukaa chini ya mwingine.

Sasa, kati ya nchi na nchi, hakuna hata hiyo miaka 12. Hakuna sheria ya dunia inayosema ukiweka hema kwa kisiwa cha jirani na saa ikafika, kisiwa kinakuwa chako. Hapo kijana wa simu alichanganya sheria ya ploti na sheria ya mipaka. Lakini hakuwa amekosea kabisa, kwa sababu kukalia kuna uzito wake. Shida ni kujua uzito huo unahesabiwa lini.

Hati ya Migingo inasema nini

Migingo ni jiwe la kama nusu ekari ndani ya Ziwa Victoria. Ukikiweka kwa uwanja wa Camp Toyoyo, kisiwa chote kitaingia na nafasi ibaki. Mabati yamebanana kutoka maji hadi maji. Watu walijazana hapo kwa sababu moja: mbuta. Samaki wamepungua karibu na fuo za Kenya, lakini kule nje bado wapo.

Mpaka wa Kenya na Uganda ndani ya ziwa ulichorwa kwa amri ya mfalme wa Uingereza ya 1926, wakati nchi zote mbili zilikuwa chini ya mkoloni mmoja. Amri hiyo haikusema tu "katikati ya ziwa." Ilitaja visiwa kwa majina. Mstari unatoka kusini, unagusa ncha ya magharibi kabisa ya kisiwa cha Pyramid, halafu unaelekea kaskazini hadi ncha ya magharibi ya kisiwa cha Ilemba, na kuendelea hivyo hadi mdomo wa mto Sio. Pyramid ni jirani wa Migingo. Migingo iko upande wa mashariki wa mstari huo, upande wa Kenya, kama nusu kilomita tu kutoka kwa mpaka.

Na hapa ndipo wengi hushtuka: katiba ya Uganda ya 1995, kwa jedwali lake la pili, inaeleza mpaka huo huo, na ncha hiyo hiyo ya magharibi ya Pyramid. Yaani hati ya jirani inakubaliana na hati yetu. Afrika nayo ilikubaliana Cairo mwaka wa 1964 kwamba mipaka tuliyorithi wakati wa uhuru ndiyo itaheshimiwa. Kwa hivyo kwa upande wa makaratasi, Kenya iko fiti.

Basi masanse wa Uganda waliofika 2004, wakapiga hema na kupandisha bendera, walikuwa wakijenga nini? Kwa lugha ya sheria walikuwa wakijenga umiliki wa vitendo: kuonyesha dunia kwamba serikali yao ndiyo inayotawala pale, inakusanya ushuru, inakamata, inalinda. Swali ni kama hema linaweza kushinda hati.

Nigeria ilijaribu hivyo, ikalemewa

Kuna kesi inayofanana na hii hadi inachekesha. Ziwa Chad lilipokuwa likikauka, wavuvi wa Nigeria walifuata maji. Walivuka mpaka bila kujua au bila kujali, wakajenga vijiji upande wa Cameroon, kikubwa kikiwa Darak. Serikali ya Nigeria ikawafuata watu wake, ikaleta shule, zahanati, polisi na ushuru. Kwa jicho la kawaida, Darak ilikuwa Nigeria.

Kesi ilipofika Mahakama ya Kimataifa ya Haki, pamoja na ile ya rasi ya Bakassi, Nigeria ilisema: tumekaa, tumetawala, na Cameroon ilitulia tu. Mwaka wa 2002 majaji walikataa. Walisema Cameroon ilikuwa na hati ya zamani, ile mipaka iliyochorwa na wakoloni. Hati ikiwepo na iko wazi, vitendo vya mwingine juu ya ardhi hiyo havizai umiliki. Vinabaki kuwa uvamizi wa muda mrefu, isipokuwa mwenye hati amekubali. Na Cameroon haikukubali. Mwaka wa 1994 iliandika barua rasmi ya kupinga. Nigeria ilitoka kwa vijiji vya Ziwa Chad Desemba 2003, na ilipofika Agosti 2008 ilikuwa imekabidhi Bakassi pia.

Mahakama hiyo hiyo ilikuwa imeshaweka kanuni hiyo mwaka wa 1986 kwa kesi ya Burkina Faso na Mali. Ukiisema kwa lugha ya mtaa inakuwa hivi: kama una hati na pia unakalia, kukalia kunathibitisha tu. Kama una hati na mwingine ndiye anakalia, wewe mwenye hati unapewa kipaumbele. Kama hakuna mwenye hati, hapo sasa anayekalia ndiye anasikizwa. Na kama hati ipo lakini haieleweki, wanaangalia nani alikuwa akifanya nini ili waisome vizuri.

Migingo iko kwa ile ya pili. Kwa hivyo kijana wa simu angepigwa knokauti raundi ya kwanza.

Kile kitu kinaweza kuozesha hati

Lakini usishangilie bado. Rudia kile kipande kidogo: isipokuwa mwenye hati amekubali. Na kukubali si lazima kwa mdomo. Unaweza kukubali kwa kunyamaza mahali ambapo mtu yeyote angepiga kelele. Wahenga walishasema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa mambo ya mipaka, mali yenye daftari pia inaweza kupotea, kama mwenyewe halifungui.

Cheki kesi ya Pedra Branca. Hilo ni jiwe baharini kati ya Malaysia na Singapore, lina urefu wa mita 137 hivi, na juu yake kuna mnara wa taa uliojengwa na Waingereza katikati ya karne ya 19. Majaji walikubali kwamba mwanzoni jiwe lilikuwa la Sultani wa Johor, yaani upande wa Malaysia. Hati ilikuwa kwao. Lakini 23 Mei 2008 wakaamua kwamba jiwe ni la Singapore. Kilitendeka nini hapo katikati?

Mwaka wa 1953, Singapore iliandika barua kuuliza Johor: hili jiwe hadhi yake ni gani? Tarehe 21 Septemba mwaka huo, afisa mkuu wa Johor akajibu kwa sentensi moja kwamba serikali yake haidai umiliki wa jiwe hilo. Baada ya hapo Singapore ikaendelea kutawala mchana kweupe. Ilichunguza ajali za meli karibu na jiwe, ikapeperusha bendera yake, na muhimu zaidi, miaka ya 1970 maafisa wa Malaysia waliotaka kwenda pale kufanya kazi waliomba ruhusa kwa Singapore. Malaysia haikulalamika. Hata ramani zake rasmi kwa miaka kadhaa zilionyesha jiwe ni la Singapore. Ilipofika 1980, walisema majaji, umiliki ulikuwa umeshahama.

Na hapo karibu, kama kilomita moja tu, kuna mawe mengine yanaitwa Middle Rocks. Yalikuwa ya Johor pia. Kwa hayo hakukuwa na barua, hakukuwa na bendera, hakukuwa na kuomba ruhusa. Yakabaki ya Malaysia. Sultani mmoja, bahari moja, matokeo mawili tofauti, na tofauti yenyewe ni vile watu wa ofisi walifanya na vile walinyamaza.

Kwa hivyo Migingo haitapotea kwa sababu Waganda wamekaa sana. Ikipotea, itapotea kwa sababu siku moja afisa wa Kenya aliandika sentensi mbaya, au aliomba ruhusa mahali ambapo alistahili kutoa ruhusa.

Je, wavuvi wetu wanahesabika?

Hapa base nzima ilichemka. "Lakini wengi kule ni watu wetu, wa Nyanza! Watu wa ocha!" Ni kweli wakazi wengi wa Migingo ni Wakenya, na hapa Makadara, toka Kaloleni hadi Makongeni, hutakosa familia yenye ndugu anayeenda ziwani. Lakini sheria haihesabu watu hivyo. Botswana na Namibia ziligombania kisiwa cha Kasikili, wengine wakikiita Sedudu, ndani ya mto Chobe. Namibia ilisema watu wake wa kabila la Wasubia walilima pale kwa miaka mingi. Mwaka wa 1999 mahakama ikasema walilima kweli, lakini walilima kwa ajili ya tumbo lao, si kwa niaba ya serikali. Kisiwa kikaenda Botswana.

Tafsiri yake kwa Migingo inakata pande mbili. Mvuvi Mkenya kutupa nyavu hakuifanyi Migingo kuwa Kenya. Na vilevile, mvuvi Mkenya akilipa ushuru kwa Mganda ili asinyang'anywe injini ya boti, hajauza kisiwa. Analinda mkate wake. Mtu binafsi hana mamlaka ya kugawa nchi, hata akishikiwa bunduki.

Kinachohesabika ni serikali. Kwa mfano, sensa ya Kenya ya 2009 iliwahesabu wakazi 131 wa kisiwa hicho. Hiyo karatasi moja ya sensa ina uzito kuliko boti mia za mbuta, kwa sababu ni dola inayofanya kazi ya dola. Hali ni hiyo hiyo kwa polisi, chifu, leseni, kesi inayosikizwa kwa korti ya Kenya kuhusu kosa lililofanywa kisiwani, na zaidi ya yote barua ya kupinga kila jirani anapovuka laini.

Alama za Kenya mpaka sasa

Historia yetu ya kupiga kelele si mbaya. Februari 1976 Idi Amin alipodai sehemu kubwa ya Kenya hadi kilomita 32 kutoka Nairobi, Kenyatta alijibu wazi kwamba hatatoa hata inchi. Mwaka wa 2009 Migingo iliwasha moto hadi vijana wa Kibera wakang'oa reli inayoelekea Uganda. Kung'oa reli hakuhesabiki Hague, na kuliumiza Wakenya wenyewe. Lakini mwaka huo huo serikali hizo mbili zilituma wapimaji wa pamoja, na Mei 2009 Rais Museveni alisema hadharani kwamba kisiwa kiko Kenya, ila maji wanamovua Wakenya ni ya Uganda.

Hiyo kauli ni dhahabu. Ikumbuke ile barua ya Johor, halafu igeuze upande. Rais wa nchi anapotamka kwamba jiwe si lake, ni ushahidi mzito, hata kama masanse wake waliendelea kuonekana pale baadaye. Wakili wa Kenya angeianza kesi na hiyo.

Lakini kauli hiyo ina sehemu ya pili, na hiyo ndiyo inauma. Mpaka uko nusu kilomita hivi magharibi ya kisiwa. Kenya ina asilimia 6 tu ya Ziwa Victoria, Uganda 43 na Tanzania 51. Mvuvi akitoka Migingo na boti ya injini, dakika chache ameshaingia Uganda. Kwa hivyo hata tukishinda jiwe mchana kweupe, hati ya jiwe haitupi samaki. Hao wanahitaji makubaliano ya uvuvi, leseni zinazotambuliwa pande zote, na masanse wasiogeuza boti kuwa mashine ya kutoa pesa. Mwanasiasa akikwambia tukikomboa kisiwa njaa itaisha, muulize atafanya nini na zile mita mia tano.

Pia usimpe mtu nafasi ya kukuambia "tutaenda Hague kesho." Septemba 2021, kabla tu ya hukumu ya mpaka wa bahari na Somalia, Kenya iliondoa tangazo lake la kukubali mamlaka ya mahakama hiyo. Leo Migingo ikipelekwa kule, itakuwa ni kwa makubaliano ya Nairobi na Kampala.

Na ile kesi ya Somalia ina funzo lake. Safari hiyo sisi ndio tulikuwa kijana wa simu. Tulisema tangu 1979 tumetangaza mstari wetu, tukafanya doria na kutoa vitalu vya mafuta, na Somalia ilinyamaza kwa miaka 35, kwa hivyo ilikubali. Tarehe 12 Oktoba 2021 majaji walikataa hoja hiyo. Walisema kunyamaza lazima kuthibitishwe kwa ushahidi mzito, kwamba Kenya yenyewe haikuwa imeshikilia msimamo mmoja, na kwamba huwezi kupuuza vile Somalia ilikuwa vitani na haina serikali kamili kwa miaka mingi. Ukimya wa mtu aliyeanguka si sawa na ukimya wa mtu anayekuangalia.

Sisi kwa Migingo hatuna hiyo sababu. Kenya ina wizara, ina wapimaji, ina ubalozi Kampala. Tukinyamaza, tutahesabiwa kama tuliona.

Kwa hivyo habari ya Migingo ikitoka tena, usiangalie tu nani amepandisha bendera. Tafuta kama Nairobi iliandika barua ya kupinga, na iliandika baada ya siku ngapi. Tafuta kama ujumbe wa Kenya ulioenda kisiwani uliingia kama mwenyeji ama uliomba ruhusa kwanza. Na usome vizuri makubaliano yoyote ya "kusimamia pamoja," kama yana sentensi inayosema kwamba hayagusi umiliki wa kila upande. Sentensi hiyo ikikosekana, hapo ndipo pa kupiga nduru.

Kijana wa simu alikubali yaishe, ila akamuuliza mzee swali la mwisho. "Sasa mzee, kama hizo risiti za kodi zinaonyesha nyumba si yako, mbona unaziweka zote kwa sanduku?"

Mzee alikuwa ameshakaa kwa kiti cha kinyozi, shuka shingoni. "Kwa sababu siku mtu mwingine akija kusema nyumba ni yake, nataka ijulikane mimi nilikuwa nalipa nani."